Turubai yenye ukungu unapokuza picha kwenye Krita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano yote hapa ni ya Krita. Sababu za ukungu ni zilezile katika programu nyingine za kuchora, ila vitufe na menyu hutofautiana. Majina ya menyu yameandikwa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini.

## Kuelewa tatizo

Nikikuza picha inakuwa na ukungu. Je, mchoro wangu umeharibika?

Mara nyingi, hapana. Faili lina pikseli zake na skrini ina zake. Ukikuza, Krita haigusi pikseli za faili. Inatengeneza picha ya muda ya kuonyesha kwenye skrini, na ukungu unaouona uko kwenye picha hiyo ya muda tu.

Hakikisha kwa kubonyeza `1` kwenye kibodi, ambayo hurudisha mwonekano kwenye 100%. Kingo zikirudi kuwa kali, mchoro ni mzima na kilichobaki ni suala la mwonekano. Ukungu ukibaki hata kwenye 100%, mara nyingi ama umo ndani ya mchoro wenyewe, ama mfumo wa kompyuta unalivuta dirisha lote. Hayo mawili yana majibu yake chini.

Kwa nini 100% ni safi lakini 150% ina ukungu?

Kwenye 100%, pikseli moja ya faili inakaa juu ya pikseli moja ya skrini. Hakuna cha kukisia. Kwenye 150%, pikseli moja ya faili inatakiwa ijaze pikseli moja na nusu za skrini, na skrini haina nusu pikseli. Lazima programu iamue rangi ya kuweka pale ambapo pikseli ya skrini imeangukia kati ya pikseli mbili za faili. Uamuzi huo ndio unaoitwa interpolesheni.

Chukua mstari mweusi wa wima wenye upana wa pikseli 1 kwenye karatasi nyeupe, halafu uukuze hadi 150%. Kwa njia ya Bilinear, kila pikseli ya skrini hupata mchanganyiko wa pikseli za faili zilizo jirani, na iliyo karibu zaidi ndiyo yenye uzito mkubwa. Ukipiga hesabu kwa mstari ulio kwenye safu ya pili ya picha, utapata pikseli tatu za skrini zenye weusi wa takriban 50%, 83% na 17%. Hakuna hata moja iliyo nyeusi kamili. Mstari uliokuwa mkali umegeuka utepe wa kijivu wenye upana wa pikseli tatu, na huo ndio ukungu wenyewe.

Ukitumia Nearest Neighbour kwenye 150% hiyohiyo, ukungu hautakuwepo, ila utapata kasoro nyingine. Kila pikseli ya skrini inachukua rangi ya pikseli moja tu ya faili bila kuchanganya, hivyo safu ya kwanza inapata upana wa 1, ya pili 2, ya tatu 1, ya nne 2. Mistari miwili uliyoichora kwa unene uleule itaonekana mmoja mwembamba na mwingine mnene. Kingo za mduara zitakuwa na meno yasiyolingana. Watu wengi hulalamika kwamba brashi yao inayumba, kumbe brashi haina kosa.

Kwa hiyo kwenye namba za katikati hakuna mpangilio utakaokupa picha kamili. Unachagua kasoro ipi unaweza kuivumilia.

Basi nikitumia namba kamili kama 200% nimepona?

Inategemea njia ya interpolesheni. Kwa Nearest Neighbour, ndiyo: kwenye 200% kila pikseli ya faili inakuwa mraba wa 2 × 2, kwenye 300% wa 3 × 3, na kila kitu kinalingana.

Kwa Bilinear halisi, hapana. Mstari wetu wa pikseli 1 ukikuzwa 200% kwa Bilinear unatoa pikseli nne zenye weusi wa 25%, 75%, 75% na 25%. Namba ni kamili, lakini katikati ya kila pikseli ya skrini hakulingani na katikati ya pikseli ya faili, kwa hiyo uchanganyaji unaendelea. Hili huwashangaza hata watu waliochora miaka mingi, kwa sababu ushauri wa “tumia namba kamili” hutolewa bila kutaja njia inayotumika.

Krita imelizunguka tatizo hili. Mwonekano ukifika 200% na kuendelea, huacha kulainisha na kuonyesha pikseli jinsi zilivyo, hata kama umechagua Bilinear. Jaribu mwenyewe: weka 190%, kisha 200%, na utaona kingo zikibadilika ghafla kutoka laini kuwa kali. Kwa mtu anayekuza kupita 100%, hii inamaanisha eneo lenye ukungu ni dogo: kati ya 100% na 200%.

## Kurekebisha mwonekano

Nifanye nini sasa hivi, bila kuingia kwenye mipangilio?

Acha kukuza kwa namba za ovyo. Ukivuta kwa kalamu au kubana kwa vidole viwili kwenye skrini ya kugusa, utaangukia 137% au 164% bila kukusudia. Namba ya sasa inaonekana chini ya dirisha upande wa kulia, na unaweza kuandika unayoitaka palepale.

Kwa kazi ya mistari, zoea kuruka kutoka 100% moja kwa moja hadi 200%. Kwa kuangalia mchoro mzima, tumia 50% au 25%. Sababu iko kwenye swali la kupunguza mwonekano. Kitufe cha `2`, kinachoingiza ukurasa wote kwenye dirisha, ni kizuri kwa kupima muundo wa picha, lakini karibu kila mara kinakupeleka kwenye namba isiyo kamili. Usihukumu ukali wa mistari ukiwa hapo.

Mpangilio wa interpolesheni uko wapi, na nichague upi?

Nenda `Settings` ▸ `Configure Krita` ▸ `Display`, kisha kichupo cha `Canvas Acceleration`. Hakikisha uharakishaji wa turubai umewashwa, kwa sababu orodha ya `Scaling Mode` inategemea kadi ya michoro. Ndani yake kuna njia nne.

`Nearest Neighbour` ndiyo nyepesi kuliko zote na haichanganyi rangi. Inafaa kwa pikseli-ati, yaani michoro inayojengwa pikseli kwa pikseli, na kwa mtu yeyote anayehitaji kuona pikseli halisi muda wote. Ukiitumia kwenye mchoro wa kawaida, utachoka na meno ya kingo kila unapokuwa nje ya namba kamili, na ukipunguza mwonekano mistari myembamba itakatikakatika.

`Bilinear Filtering` inaondoa meno hayo kwa gharama ya ulaini tuliouona kwenye 150%. Kwa kompyuta mpakato yenye kadi dhaifu ni chaguo la busara.

`Trilinear Filtering` inaonyesha tofauti yake hasa unapopunguza mwonekano, kwa kutumia nakala ndogo za picha zilizoandaliwa mapema. Zaidi ya 100% usitegemee kuona tofauti kubwa kati yake na Bilinear.

`High Quality Filtering` ndiyo ningemshauri mchoraji wa kawaida aiweke na aisahau. Inahitaji kadi inayokubali OpenGL 3.0 au zaidi, na kompyuta nyingi zinazotumika leo zinakubali. Faida yake kubwa iko chini ya 100%, ambako mistari ya wino hubaki imeungana badala ya kumetameta.

Ukibadilisha na usione tofauti yoyote, funga Krita na uifungue upya. Kumbuka pia kwamba kwenye 100%, na kuanzia 200%, huenda tofauti isiwepo kabisa, kwa hiyo fanyia jaribio lako kwenye 150% na 33%.

Nimeweka Nearest Neighbour lakini nikikuza 800% bado naona rangi ya kijivu pembeni mwa mstari mweusi. Kwa nini?

Hiyo si interpolesheni ya mwonekano. Ni pikseli halisi za kijivu zilizomo kwenye faili, zilizowekwa na brashi yenyewe ili mstari wa mshazari usiwe na ngazi. Chagua rangi kwa kuokota palepale kwenye kijivu: ukipata kijivu, basi kimo kwenye mchoro.

Kwa mchoro wa kawaida kiache, ndicho kinachoufanya mstari uonekane laini kwenye 100%. Kwa pikseli-ati tumia brashi za kundi la Pixel Art zinazokuja na Krita, na uangalie pia mipangilio ya zana za kuchagua na kujaza rangi, kwani nazo zina ulainishaji wa kingo wa kwao.

Mistari myembamba inayojitokeza kati ya pikseli ukifika 800% ni kitu kingine tena. Ni gridi ya pikseli, na huzimwa kupitia menyu ya `View`.

Nikipunguza mwonekano, mistari myembamba inapotea au inametameta. Hilo nalo ni jambo lilelile?

Ni upande wa pili wake. Kwenye 33%, pikseli moja ya skrini inatakiwa kuwakilisha pikseli tisa za faili. Bilinear inasoma nne tu, na Nearest Neighbour moja. Mstari wenye upana wa pikseli 1 ukiwa kati ya zile zisizosomwa, unatoweka. Ukisogeza turubai kidogo unarudi, na mwingine unatoweka. Ndiyo maana unaona kumetameta.

Trilinear inatatua hili kwa kutumia nakala za picha zilizopunguzwa nusu kwa nusu: 50%, 25%, 12.5%. Ukiwa kwenye 33%, inachanganya ya 50% na ya 25%, na mchanganyiko huo una ulaini wake. Ukiwa kwenye 50% au 25% kamili, hesabu inakuwa rahisi na matokeo huwa safi zaidi. High Quality inafanya vizuri zaidi kwenye namba za katikati, lakini hata nayo 50% hupendeza kuliko 47%.

Nikichora kwa brashi kubwa, mchirizi unaonekana wenye ukungu halafu unakuwa mkali wenyewe baada ya muda mfupi.

Hiyo ni `Instant Preview`, inayopatikana kwenye menyu ya `View` au kwa `Shift + L`. Krita inakuchorea kwanza toleo la ubora wa chini ili mkono usisubiri, kisha inahesabu toleo kamili. Hakuna cha kurekebisha. Ikikukera, izime, ila kwenye turubai kubwa utaanza kusubiri brashi.

## Pale 100% si 100%

Nimefungua faili la kuchapisha, nikabonyeza 1, na bado picha ni ndogo na laini.

Angalia kama mwonekano wako umewekwa kufuata ukubwa wa kuchapisha badala ya pikseli. Krita ina swichi ya kuhama kati ya hali hizo mbili, nayo katika matoleo mengi iko karibu na namba ya asilimia, chini ya dirisha. Ni rahisi kuibonyeza kwa bahati mbaya.

Tuseme una ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 × 3508, na skrini yako inahesabiwa kuwa na pikseli 96 kwa inchi. Kwa hali ya kuchapisha, “100%” ina maana kwamba inchi moja ya karatasi inakuwa inchi moja ya skrini. Pikseli 300 zinabanwa ndani ya 96, kwa hiyo kwa hesabu ya pikseli unaangalia 32%. Namba inasema 100, macho yanaona theluthi. Rudisha kwenye hali ya pikseli na ukali utarudi.

Kila kitu kina ukungu, hata ikoni na maandishi ya menyu.

Basi tatizo haliko kwenye turubai. Kwenye Windows, kompyuta nyingi zenye skrini ndogo ya pikseli nyingi huja zikiwa zimewekwa ukuzaji wa 125% au 150% wa vitu vyote. Programu isipoambiwa ishughulikie ukuzaji huo yenyewe, Windows huchukua dirisha lililokwisha kuchorwa na kulivuta. Hapo interpolesheni inafanyika nje ya Krita, na hakuna chaguo la `Scaling Mode` litakaloigusa.

Kwenye `Configure Krita` ▸ `General` ▸ `Window` kuna chaguo la kuwasha Hi-DPI. Liwashe, anzisha Krita upya, kisha angalia maandishi ya menyu kabla ya kuangalia turubai. Yakiwa makali, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba 100% yangu ni pikseli kwa pikseli?

Chora mraba wa pikseli 100 × 100, weka 100%, piga picha ya skrini, ibandike kama faili jipya na upime mraba. Ukipata 100, uko sawa. Ukipata 125, kuna ukuzaji wa 125% unaofanyika mahali fulani, na swali lililotangulia linakuhusu.

Jaribio la pili ni la jicho: jaza eneo kwa mistari ya pikseli 1 nyeusi na 1 nyeupe kwa kupokezana. Kwenye 100% ya kweli, eneo lote linafanana. Ukiona mikanda mipana ya kijivu inayojirudia, pikseli hazijalingana.

Picha ya skrini ina faida nyingine. Ikiwa inapimika sawa na kingo zake ni kali ukiikuza, lakini macho yako bado yanaona ukungu, tafuta kosa kwenye skrini yenyewe. Aghalabu skrini ya 1920 × 1080 inakuwa imewekwa 1366 × 768, au umeunganisha projekta inayonyoosha picha. Programu ya kuchora haiwezi kukusaidia hapo; rudisha ukubwa wa asili wa skrini.

Nimezungusha turubai na mistari imekuwa laini hata kwenye 100%.

Turubai iliyozungushwa kwa nyuzi 15, kwa mfano, haiwezi kulingana na safu za skrini kwa kiwango chochote cha kukuza. Ni ukungu wa mwonekano tu. Bonyeza `5` kurudisha turubai wima kabla ya kukagua kingo. Mizunguko ya nyuzi 90 haina tatizo hili.

## Interpolesheni inayobadilisha faili

Kuna orodha nyingine ya njia kwenye `Scale Image to New Size`. Ni ileile?

Majina yanafanana, madhara hayafanani. Ile ya `Display` inahusu skrini tu. Hii ya `Image` ▸ `Scale Image to New Size` inaandika pikseli mpya kwenye faili, na ukishahifadhi na kufunga hakuna kurudi nyuma. Kama kuna mahali pa kuchagua kwa makini, ni hapa.

Kwa mchoro wa kawaida, `Bicubic` inatosha ukipunguza au ukiongeza kiasi. `Lanczos3` inatunza ukali zaidi unapopunguza, lakini inaweza kuacha utepe mwembamba wa mwanga kandokando ya mstari mweusi. Ukiuona, rudi Bicubic. `Bilinear` ni laini zaidi ya zote tatu. Kwa pikseli-ati chukua `Nearest Neighbor`, ambayo katika matoleo ya zamani ya Krita utaikuta kwa jina la `Box`, na ukuze kwa namba kamili pekee.

Nikichagua kipande cha pikseli-ati na kukivuta kwa zana ya Transform, kinatoka na ukungu. Nimeshabadilisha `Scaling Mode`, haikusaidia.

Zana ya Transform (`Ctrl + T`) ina kichujio chake kwenye paneli ya `Tool Options`, na huanza ikiwa Bicubic. Kibadilishe kabla ya kukubali mabadiliko. Ukungu huu ni wa kweli, umo kwenye faili, kwa hiyo kama umeshakubali, tengua na urudie; usijaribu kuunoa baadaye.

Kila ukivuta tena kipande kilekile, pikseli zinakisiwa upya kutoka kwenye makisio ya awali. Fanya ukubwa, mzunguko na nafasi kwa mkupuo mmoja, kisha ukubali mara moja. Kama bado hujaamua, tumia barakoa ya Transform, ambayo hukokotoa kutoka kwenye tabaka la asili kila unapoibadilisha. Na ukihitaji kugeuza tabaka kwa nyuzi 90, tumia amri zilizo tayari kwenye menyu ya `Layer`, kwani hizo hupanga pikseli upya bila kukisia chochote.

Pikseli-ati yangu ya 64 × 64 ni kali ndani ya Krita, lakini nikiituma kwa watu wanaiona ina ukungu.

Wanaoipokea wanaikuza kwa programu zao, na programu nyingi za kutazama picha hulainisha. Usiwaachie kazi hiyo. Tengeneza nakala, ikuze mara 10 hadi 640 × 640 kwa Nearest Neighbor kama ilivyoelezwa juu, na uihifadhi kama PNG. JPEG itaongeza madoa kandokando ya kingo hata kama ukubwa ni sahihi, na programu za ujumbe mara nyingi hugeuza picha kuwa JPEG; itume kama faili badala ya picha.

Kama unaiweka kwenye tovuti yako mwenyewe, huhitaji kukuza nakala. Iambie kivinjari isilainishe:

```css
img.pikseli { width: 640px; image-rendering: pixelated; }
```

Upana uwe kizidisho kamili cha 64. Ukiandika 600px, kivinjari kitakupa meno yasiyolingana, yaleyale ya 150% ndani ya Krita.